Vitamini Aliyonyimwa Breki

Dereva wetu wa gari la wagonjwa tulimwita Breki kwa kumtania, kwa sababu wote tuliowahi kupanda naye tunajua hakuwa na habari nazo. Lakini alifika. Mama mjamzito anavuja damu huko mbali, mvua imekata barabara, simu haishiki, wewe mpigie Breki tu halafu andaa kitanda. Alijua kila njia ya wilaya hii, na ya panya pia, na nyumba ya mgonjwa aliikumbuka hata baada ya miaka. Alikuwa akipita wodini kwangu asubuhi na kupiga kelele mlangoni, “Dada mkubwa, leo umenuna kwa ajili ya nani?” Namfukuza, anacheka, anaondoka na kikombe changu cha chai.

Na alikuwa akinywa. Tusizungukezunguke hapa. Alikunywa kila siku, na mpishi wa kantini alijua, na mlinzi wa getini alijua, na mimi msimamizi wa wodi ya wanaume nilijua. Hakuna aliyewahi kumwona akiyumba barabarani, basi tukajiambia si neno.

Mwaka ule alipolazwa, mimi na daktari wa wodi tulikuwa tumeandika mwongozo wa kuwahudumia watu wanaoacha pombe ghafla. Tulichoka. Mtu analazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya pili anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, ndugu wanasema amerogwa, sisi tunamfunga kitandani kwa mashuka. Aibu tupu. Mwongozo wenyewe haukuwa mrefu. Kila anayelazwa aulizwe pombe, anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Akiwa mnywaji, apigwe sindano ya thiamini, ile vitamini B1, kabla ya dripu yoyote ya sukari. Kwa nini? Mwili wa mlevi hauna akiba ya vitamini hiyo, na sukari ikiingia inamaliza hata kale kadogo kalikobaki, halafu ubongo ndio unaolipa.

Halafu diazepamu, dawa ya kutuliza mitetemeko hiyo. Hapa ndipo nilipopigana na wenzangu mpaka sauti ikakauka. Sisi wauguzi tumezoea kugawa dawa kwa kusukuma toroli, asubuhi, mchana, jioni, kila mtu na chake. Diazepamu ya pombe haiendi hivyo. Unampima kwanza: mikono inatetemeka kiasi gani, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kichwa, anasikia au kuona nini, anajua yuko wapi. Kila dalili ina alama zake. Unajumlisha. Zikifika kiwango tulichoandika, unampa dozi, unarudi baada ya saa moja na kupima tena. Zikiwa chini, humpi. Amesinzia, unaangalia anavyopumua na kama anaamka ukimwita, na dawa inakaa kwenye kisanduku chake. Ni hivyo tu! Lakini wewe mwambie muuguzi aliyezoea toroli.

Kikao kiliupitisha. Tukapiga makofi, tukanywa soda, Breki naye alikuwepo maana ndiye aliyezileta. Akasema kwa sauti, “Huo mwongozo ni wa walevi, mimi mniwekee mwongozo wa mshahara.” Tulicheka wote.

Basi. Nilikwenda msibani mwisho wa juma moja, Jumatatu narudi kazini, namkuta Breki kitanda cha dirishani. Ngiri yake, ule utumbo uliotokeza kinenani, ilikuwa imejinyonga Jumamosi, wakampasua haraka, upasuaji ukaenda vizuri. Alikuwa akitapika, haweki kitu tumboni, na dripu ya sukari ilikuwa ikishuka tangu atoke chumba cha upasuaji. Nikachukua faili. Mahali pa kuuliza pombe, kistari.

Nikamwita muuguzi wa zamu, binti mmoja mzuri wa kazi, nikamwuliza hiki kistari ni nini.

“Sista, ningemwulizaje? Yule ni kama baba yangu. Ndiye aliyenileta na mizigo yangu siku ya kwanza.”

“Kwa hiyo ukaona heshima ni kumwachia kistari?”

Nami sikuwa na nafasi ya kumpa somo, kwa sababu Breki alikuwa amelowa jasho na mikono yake inacheza juu ya shuka. Nilimwambia anyooshe vidole. Aliona haya, akaificha mikono. “Homa tu, dada mkubwa. Malaria hizi.” Kipimo cha malaria kilikuwa safi. Nikampima kwa alama zetu, zikapita kiwango mbali sana.

Daktari alikuwa ameshamwandikia diazepamu, kidonge kidogo asubuhi, mchana, jioni. Eti wasiwasi baada ya upasuaji. Kidonge, kwa mtu anayetapika! Nikamfuata kwenye kijichumba chake.

“Daktari, huyu anaacha pombe. Nibadilishie diazepamu iwe ya mshipani, polepole, kwa alama. Na niandikie thiamini sasa hivi.”

Diazepamu alibadilisha bila ubishi. Ile dawa inayoweza kumzuia mtu kupumua usipokuwa makini, hiyo nilipewa kwa saini moja. Kwenye thiamini kalamu ikasita.

“Dada, unajua ile fomu ya famasi. Lazima niandike sababu. Nikiandika pombe, karatasi inakwenda kwa katibu wa hospitali. Dereva wa gari la wagonjwa, pombe. Kesho hana kazi. Ana watoto wanasoma.”

“Andika kingine.”

“Mfamasia hatoi kwa sababu nyingine. Ampuli za sindano zenyewe ni chache, tulikubaliana wenyewe zisichezewe.”

“Basi andika pombe!”

“Nitampa vidonge vya vitamini B.”

“Anatapika, daktari. Na hata asingetapika, utumbo wa mlevi unapitisha kiasi gani? Wewe ndiye uliyeiandika sentensi hiyo, mimi nilipiga chapa tu.”

Akasema tungoje kidogo, pengine ni uchovu. Nikatoka nikiubamiza mlango. Nikaenda famasi mwenyewe, nikaomba, nikabembeleza, nikafoka. Mfamasia akanionyesha faili kwa ncha ya kidole. “Hapa hanywi, sista. Mimi nafuata mwongozo wenu.” Wetu! Nilitamani kulia na kumtukana kwa wakati mmoja.

Nilimgeukia mke wa Breki, maana neno lake lingemlazimisha daktari. Alikuwa amekaa benchi la nje na kopo la uji ambao mgonjwa hakuugusa. Nikakaa karibu naye. “Shemeji, nisaidie. Breki anakunywa kiasi gani?”

Alitazama huku na huku kwanza. “Kidogo tu, shemeji. Sikukuu na sikukuu.”

“Shemeji.”

“Nimesema kidogo.” Akaziba kopo. “Mnataka wamfukuze?”

Nilibaki na kile nilichokuwa nacho. Dripu ya sukari niliiondoa, nikaweka ya chumvi, nikawa ninampima sukari yake kidoleni isije ikashuka. Yule binti nilimsimamisha pembeni ya kitanda mpaka akajua kupima. Tukampa diazepamu, tukarudi baada ya saa, tukampa tena, alama zikaanza kushuka, mikono ikatulia. Safari moja binti alikuja na sindano tayari na Breki amelala fofofo. Nikamzuia mkono. Akaniambia, “Lakini saa imefika.” Nikamwambia saa haiumwi, anayeumwa ni huyu. Akampima, akairudisha dawa. Kufikia Jumanne asubuhi hatetemeki, hatoki jasho, haoni wadudu. Daktari alipita akanipiga bega. “Unaona? Mwongozo unafanya kazi.”

Nilimwambia amtazame macho.

Macho ya Breki yalikuwa yakicheza upande kwa upande, hayakai mahali pamoja. Tulipomsimamisha, alitanua miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi, akaniangukia. Nikamwuliza yuko wapi, akasema gereji. Nikamwuliza mimi ni nani. Akanitazama kwa adabu nyingi, akasema, “Shikamoo, mama. Gari lako litakuwa tayari mchana.”

Mkewe alikuwa mlangoni. Kopo likamtoka mkononi. Alipaza sauti katikati ya wodi, wagonjwa wote wanasikia, na katibu wa hospitali yuko koridoni na wageni wake. “Anakunywa! Anakunywa kila siku ya Mungu! Asubuhi kabla ya chai anakunywa! Hali chakula, anakunywa! Mpeni hiyo dawa!”

Daktari aliandika pale pale. Thiamini nyingi, ndani ya mshipa, mara tatu kwa siku, kama mwongozo unavyosema kwa mtu aliyechanganyikiwa na macho yanacheza. Mfamasia alizileta ampuli kwa miguu yake. Ndani ya siku chache macho yakatulia. Kutembea kukarudi polepole, kwa kushika ukuta. Tukasema asante Mungu, tumewahi.

Hatukuwahi. Kila asubuhi alinisalimia upya kama mgeni. Ukimwambia kwamba mkewe ametoka kununua sabuni, anaitikia, halafu anauliza mkewe yuko wapi. Yale ya zamani aliyo nayo, jina la mwalimu wake wa shule, wimbo alioimba siku ya kwanza kuendesha gari, “jando” lake anavyoiita mwenyewe, vyote vipo. Jipya haliingii. Na palipo tupu anajaza kwa maneno, tena bila kusita, bila nia ya kudanganya.

Na kazi? Kazi yake wakaiokoa. Kweli kabisa. Katibu alijifanya hakusikia kelele za mama yule. Ile fomu ya famasi ilipotea, sijui wapi, na kwenye faili kile kistari bado kipo. Daktari aliniambia kwa furaha kwamba rekodi ya Breki haina doa.

Siku aliyokuja kliniki baada ya kupona kidonda, katibu mwenyewe alimpokea uwanjani na funguo za gari mkononi, tabasamu mpaka masikioni. “Mzee Breki! Pumzika wiki moja, halafu kuna mama mjamzito kule zahanati ya mlimani anakusubiri wewe tu.”

Breki alizipokea funguo, akafurahi kweli. “Zahanati ya mlimani? Natoka huko sasa hivi, bosi. Nimemleta, yuko ndani anajifungua.”

Katibu alicheka, akidhani ni utani. Breki hakucheka. Aligeuka akaniona mimi, akanisalimia shikamoo, akaniuliza kama ninajua njia ya kutokea getini. Geti lilikuwa mbele yake.

Mkewe alizichukua funguo mkononi mwake taratibu, akamfungia kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Kisha akazirudisha kwa katibu.

“Faili lake ni safi, bwana,” alisema. “Lipe hilo faili likaendeshe gari.”