Namba Iliyobandikwa Getini

Nilikuwa karani wa ofisi ya maji Koboko. Kabla ya Krismasi bosi alinipa tangazo nilipige chapa: tunafunga tarehe ishirini na nne Desemba, tunafungua tarehe mbili Januari, na kwa dharura watu wapige simu ya ofisi.

“Bosi, simu iko ndani na mlango iko na kufuli. Nani atashika?”

“Andika vile nilisema. Watu wasisumbue sikukuu yetu.”

Nilikataa. Nilimwomba fundi wa zamu apokee simu za dharura, akakubali, nikaandika namba yake na yangu, nikalibandika tangazo getini. Bosi alilichana. Nikabandika lingine, na nakala nikapeleka kanisani na msikitini zisomwe.

“Utatafuta kazi ingine,” alisema.

“Nitatafuta baada ya tarehe mbili.”

Siku iliyofuata Krismasi bomba lilipasuka karibu na zahanati. Mkunga alinipigia asubuhi akisema wodi ya wazazi haina maji. Nikampigia fundi, akaacha chai yake mezani akaenda. Adhuhuri maji yalirudi.

Tarehe mbili bosi aliniuliza nani aliniruhusu.

“Hakuna,” nilisema, nikafungua dirisha la wateja.