Ejo ya Patronne

Mama yangu alikataa kurekodiwa. Alisema sauti ikiingia kwenye simu haitoki tena, na hataki watu waendelee kumsikia akiongea wakati yeye mwenyewe amekwisha kufa. Basi nikawa naandika. Nilikaa jikoni kwake Cyangugu, tarakilishi magotini, yeye anachambua maharage na kuniambia maisha yake ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nami naandika neno kwa neno kama linavyotoka. Akili yake ilikuwa imeanza kupotea. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Nilijua hatanisimulia mara ya pili, kwa hiyo niliandika bila kupumua.

Maandishi hayo niliyaweka moja kwa moja kwenye daftari la mtandaoni la ofisi yetu, sikuwa na nakala nyingine. Sisi ni watu watatu pale Kamembe, tunatafsiri vitabu vidogo vya vyama vya wakulima na vya makanisa. Patronne, mwenye ofisi, ndiye analipia daftari hilo. Mimi natafsiri. Wa tatu tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha Kiswahili miaka mingi na hawezi kupita karibu na kosa la mwingine bila kuliokota. Ukurasa wangu niliupa kichwa kifupi, "Maman, Kiswahili", ili niupate upesi.

Kisha nikatumwa Bweyeye, kutafsiri mafunzo ya wakulima kandokando ya msitu. Kule mtandao ni wa kuvizia. Unapanda mlima, unainua simu kama unayepima mvua, ujumbe unaingia, halafu basi. Kwa wiki kadhaa sikupanda, mguu uliniuma na mvua haikukatika. Siku nilipopanda zikaingia jumbe mbili. Wa kwanza ulikuwa wa zamani, wa Mwalimu: "Ile ya Maman nimeisafisha yote. Makosa ilikuwa mengi, lakini sasa ni Kiswahili ya kweli. Utanishukuru."

Nikafungua ukurasa, ukaja polepole, mstari kwa mstari. Mama alikuwa ameniambia: "Ile asubuhi ziwa ilikuwa imelala na macho wazi." Sentensi hiyo niliikumbuka kwa sababu siku ile niliacha kuandika nikamwangalia. Sasa palikuwa na maneno haya: "Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia." Niliteremsha chini, nikateremsha tena. Neno batoto kila mahali limekuwa watoto, sawa, hilo ningelivumilia. Lakini Mama mwenyewe hakuwemo.

Hasira ilinipanda, nikamtukana Mwalimu peke yangu pale mlimani, mbuzi wakinitazama. Kisha nikakumbuka kwamba daftari lile lina historia. Kila ukurasa unatunza sura zake za nyuma. Unafungua historia, unachagua tarehe, unarudisha. Kwa mpango wa kulipia linatunza mwezi mzima. Kwa mpango wa bure ni siku saba tu. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa na zaidi ya wiki mbili. Tulikuwa tunalipia. Nilipumua.

Ndipo nikasoma ujumbe wa pili, wa Patronne, ulioandikwa asubuhi ileile: "Plan ya kulipia, mwisho ejo. Tunabakia na ya bure."

Ejo. Kesho! Nilikuwa na leo yote, na kipande cha kesho. Niliandika upesi: "Musiguse kitu, murudishe ile ya Maman ya zamani." Ujumbe ukazunguka, ukagoma. Nilipiga simu, ikakatika kabla ya kulia. Kwenye simu yangu kile kitufe cha historia hakikufunguka. Kilitaka mtandao wa nguvu. Nikashuka mbio, nikaaga wakulima katikati ya somo la mbolea, nikatafuta moto, pikipiki ya kukodi.

Njia ya Bweyeye usiisifu kwa mtu. Tulisukuma pikipiki kwenye tope zaidi ya tulivyoipanda. Dereva aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ndiyo. Akaongeza mwendo, na mimi nikawa namwambia aongeze tena, hata pale ambapo mtu mwenye akili angeshuka atembee. Bugarama joto likatupokea, mashine za mpunga zinanguruma, nikajaribu tena kupiga. Simu ya Patronne ilikuwa imezimwa. Sikutaka hata maji. Nilikuwa nikihesabu kichwani maneno ya Mama niliyoyakumbuka, nikayaona machache mno.

Niliingia ofisini na tope hadi kiunoni. Mwalimu alisimama kunisalimu, nikampita. Patronne alikuwa anachaji simu yake. Nikafungua tarakilishi, nikafungua ukurasa, nikafungua historia.

Siku saba. Ndani yake koma tatu ambazo Mwalimu alikuwa amezihamisha juzi. Chini yake palikuwa na mstari mmoja uliosema sura za zamani zaidi hazipatikani kwa mpango huu.

"Patronne," nikasema, "si uliandika mwisho ejo?"

"Ndiyo. Ejo."

"Basi ni kesho!"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni. "Ejo yenye ilipita," akasema. "Ilikwisha jana. Nilikuandikia leo ili ujue."

Sisi tunaotumia Kinyarwanda na Kiswahili katika pumzi moja hatuna shida na neno hilo. Ejo ni jana, ejo ni kesho, kitenzi ndicho kinachokuonyesha. Patronne hakuweka kitenzi.

Nilitaka tulipe tena papo hapo. Patronne, maskini, alikwisha kutoa kadi. Tukawaandikia wenye daftari kwanza, na jibu likaja kwa adabu: mkilipa, historia itaanza kutunzwa kwa mwezi kuanzia sasa, sura zilizopita kikomo mpango uliposhuka zimefutwa, hazirudi. Patronne akarudisha kadi taratibu kwenye mkoba.

Mwalimu alikuwa bado amesimama. "Lakini ilikuwa na makosa," akasema, sauti chini. "Nilifikiri ni ya kuchapisha. Niliifanya muzuri, hata siku ya Mungu nilifanya."

"Makosa yalikuwa yake!" nikamfokea. "Nani alikuambia umnyang'anye?"

Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na siku ile nilimchukia hata mhenga.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga: nimsomee maandishi ya Mwalimu, akasirike, anisahihishe, maneno yake yarudi. Nilisoma polepole. Nilisoma habari ya soko la Bukavu, ya samaki wa chumvi, ya asubuhi ile ambayo ziwa lilikuwa limetulia. Hapo nikamngoja. Alikuwa ameacha maharage, anasikiliza kwa heshima, mikono juu ya kitenge.

"Huyu maman anasema muzuri sana," akasema mwishowe. "Kama mu radio. Ni wa wapi?"

"Ni wa hapahapa, Maman."

"Naye alipita mu mambo kama yangu." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Umulete hapa, tuongee. Utamuleta siku gani?"

Nilifunga tarakilishi. Neno lililotoka lilikuwa moja tu.

"Ejo," nikamwambia.