Mkono Unakataa

Kwenye kituo cha elimu ya watu wazima walimwita Mhariri, ingawa gazeti lilishamstaafisha. Miaka ishirini na saba alikaa dawati moja akisafisha habari za watu wengine, na mkono ulishazoea. Hata barua ya kwanza ambayo binti yake aliandika kutoka shule ya bweni aliirudisha ikiwa na wino mwekundu. Binti hakuandika tena. Alikuwa akipiga simu, tena anaongea na mama yake.

Sasa Mhariri alifundisha watu wazima waliotoka nchi nyingine na kutaka kujua Kiswahili. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba, feni moja, viti vya plastiki, ubao uliochakaa katikati. Kila wiki wanafunzi walileta ukurasa mmoja wa shajara: andika jambo moja lililokupata, basi.

Mwanafunzi aliyeandika kwa bidii kuliko wote alikuwa mama mmoja anayefua nguo za hospitali. Wenzake walimwita Dada Dobi. Alifika akitokea kazini, vidole vimekauka kwa dawa, na alikaa karibu na dirisha kwa hiari yake, maana alijua ananuka klorini na hakutaka kumsumbua mtu. Wiki hiyo aliandika hivi kwenye daftari lake:

"Leo shuka imekuja nyingi. Shuka moja ina matapishi ndani. Mimi nafungua, matapishi inaniangalia. Mkono yangu inakataa. Mimi naambia mkono: wewe ni ya nani? Mkono inaingia. Baadaye nakula mkate na mkono hiyo hiyo."

Mhariri aliusoma nyumbani, kikombe cha chai mkononi, akakisukuma kikombe mbali. Matapishi, kisha mkate. Akachukua kalamu na karatasi nyingine akafanya alichozoea kufanya, na alipomaliza karatasi ilisomeka hivi: "Asubuhi ya leo nilipokea mashuka mengi. Mojawapo lilikuwa limechafuliwa kwa matapishi, jambo lililonitia kinyaa kisichomithilika. Hata hivyo, nilijipa moyo na kutekeleza wajibu wangu kwa moyo mkunjufu." Mkate aliufuta kabisa. Alilala ameridhika.

Mkuu wa kituo alipoonyeshwa aliipenda. Alikuwa anatayarisha kijarida cha kuwapa wageni waliokuwa wanakuja kukagua kituo, na alitaka Dada Dobi aisome mbele ya darasa.

Dada Dobi akasimama akasoma. Alifika kwenye "kisichomithilika" akakwama. Akajaribu tena, akakwama. Mtu wa nyuma akacheka, na mwingine akamsaidia kucheka. Yeye akaishusha karatasi.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni wewe," Mhariri akasema. "Ni shajara yako, nimeinyoosha tu."

"Moyo mkunjufu ni nini?"

Akamweleza: ni moyo wa furaha, usio na kinyongo.

Dada Dobi alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. "Mimi sikuwa na furaha," akasema. "Mimi nilishika matapishi. Wewe umeosha, umenipa mimi nguo ya mtu mwingine."

Akaketi. Hakukuwa na aliyecheka tena.

Mhariri alirudi nyumbani kwa miguu. Kila sentensi aliyoiandika ilimjia mdomoni kama mafuta yaliyochacha. Moyo mkunjufu! Alikuwa ameandika maneno hayo mara ngapi pale gazetini, juu ya wazoa taka, juu ya wauguzi, juu ya watu ambao hakuwahi kuwauliza kitu? Alijichukia, na chakula cha jioni hakikupita. Mkewe akamuuliza ana nini. Akamsimulia yote. Mkewe akasema, "Ndivyo ulivyo, baba. Mtu akisema neno, wewe unamfuta mdomo," akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake alimwendea mkuu wa kituo ofisini akamwambia ile nakala haifai. Alimwonyesha ya asili, ile ya kwenye daftari. Mkuu akaisoma, uso ukachanua.

"Hii ndiyo nzuri zaidi. Tuiweke hivihivi, na makosa yake. 'Mkono yangu inakataa.' Tamu sana. Wageni watapenda."

Mhariri aliona kinyaa kipya kinakaa juu ya kile cha jana. Hakujua kipi kinanuka zaidi: kumpaka mama wa watu manukato, au kumsimamisha na uchafu wake watu wamwangalie. Akasema, "Kwanza nimuulize mwenyewe."

Jioni hiyo alimkuta Dada Dobi amewahi, chumba bado kitupu. Akaomba radhi. Kisha akasema, kwa kuwa alidhani huo ndio ungwana, "Basi tutaiacha kama ulivyoiandika. Sitagusa hata herufi."

Yule mama akakunja uso. "Kwa nini? Mimi nimekuja hapa kujifunza. Kosa ni kosa, rekebisha. Unaona mimi mtoto, naongea vibaya, unafurahi?"

"Hapana."

"Basi rekebisha. Lakini usibadilishe mimi."

Wakavuta viti viwili. Safari hii Mhariri alishika penseli, na kabla ya kugusa mahali popote aliuliza. Mkono: ni wangu, si yangu, unakataa, si inakataa. Akauandika upatanisho wa kisarufi pembeni ili mama auone mwenyewe, naye akajisahihishia "mkono unaingia" bila kuambiwa. 'Shuka imekuja' ikageuka 'mashuka yamekuja', na 'shuka moja ina' ikawa 'shuka moja lina'. Matapishi yananiangalia.

Hapo Mhariri akasita. "Kwa kawaida tungesema niliyaona matapishi."

"Hapana. Mimi nilifunga macho. Yeye ndiye aliangalia."

"Sawa. Hilo si kosa, linabaki." Akaweka alama ndogo ya vema. "Na hii 'mimi nalifungua'? 'Nalifungua' peke yake inatosha, 'mimi' imo ndani tayari."

Akafikiri. "Kule chumbani hakuna mtu mwingine. Ni mimi tu."

"Basi 'mimi' inakaa. Na wakati? Jambo limepita. Ingekuwa 'nililifungua'."

"Halijapita," akasema, na kunusa vidole vyake. "Bado."

Wakaacha wakati uliopo. Mwishoni ulibaki mkate. Alimwonyesha kwamba mtu hula kwa mkono, si na mkono, na kwamba ni huohuo. Alitamani sana kuuliza kama lazima mkate uwemo. Akameza mate, akaacha.

Dada Dobi akanakili upya, kwa mwandiko mkubwa:

"Leo mashuka yamekuja mengi. Shuka moja lina matapishi ndani. Mimi nalifungua, matapishi yananiangalia. Mkono wangu unakataa. Mimi nauambia mkono: wewe ni wa nani? Mkono unaingia. Baadaye nakula mkate kwa mkono huohuo."

Akaisoma kwa sauti, hakukwama popote. "Huyu ni mimi," akasema.

Mkuu wa kituo hakuitaka. Bila makosa haichekeshi, alisema, na bila maua ya maneno inatia kichefuchefu. Nani atampa mgeni karatasi ya matapishi na mkate? Akaomba ya daftarini. Dada Dobi akakataa, Mhariri akasimama naye, na kijarida kikatoka na shairi la mkuu mwenyewe kuhusu nuru ya elimu. Mhariri alilisoma mpaka ubeti wa pili akalitia kwenye ndoo ya taka.

Wiki iliyofuata Dada Dobi alileta ukurasa mwingine. Mhariri akanoa penseli na kusoma:

"Mwalimu wangu ananuka sigara. Anakuja karibu kuonyesha kosa, mimi nashikilia pumzi. Anafundisha vizuri. Nashikilia pumzi."

Akaupitia mara tatu akitafuta kosa. Hakuliona hata moja. Akaweka vema, akakivuta kiti chake nyuma kidogo.