Lita Tisa za Dizeli

Kikundi chetu cha umwagiliaji kiko upande wa Kisian, mahali mashamba yanaposhuka taratibu hadi ziwani. Tulikuwa wakulima arobaini, kila mmoja na nusu ekari yake ya nyanya, vitunguu au sukuma wiki. Nilipostaafu ualimu walinichagua kuwa mweka hazina. Walisema mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile hawezi kushindwa na bajeti ya pampu moja.

Bajeti yenyewe haikuwa ngumu. Pampu ya dizeli ilivuta maji ziwani na kuyapandisha hadi kwenye tangi la mawe juu ya kilima, kisha maji yakashuka yenyewe kwa bomba kuu hadi kwenye koki za mashamba. Siku ya kiangazi pampu ilifanya kazi saa saba, na kila saa ilikunywa lita nne. Hizo ni lita ishirini na nane kwa siku. Niliongeza mshahara wa fundi anayeiendesha, oili na vichungi, ada ya kibali cha kutumia maji ya ziwa, na mwisho fungu la matengenezo. Kila mkulima angelipa elfu kumi na mbili na mia tano kwa msimu.

Mkutanoni walinikatalia. "Mwalimu, hilo fungu la mwisho ni pesa ya kuliwa tu," alisema mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa na sauti ya kumaliza mambo. "Pampu ni nzima. Matengenezo ya nini?"

Nilijua ya nini. Lakini jua lilikuwa kali, watu walikuwa wamechoka na maneno, nami nilitaka kupendwa. Nikachukua kalamu nikafuta fungu la matengenezo. Ada ikashuka hadi elfu kumi na moja. Wakanipigia makofi.

Katikati ya msimu, nyanya zikiwa zimeanza kutoa maua, niliona daftari la mafuta halikai sawa. Tulikuwa tunanunua lita thelathini na saba kwa siku. Lita tisa zaidi, na mashamba ni yale yale. Nilipompelekea mwenyekiti hesabu hizo, hakuuliza swali hata moja.

"Huyo fundi anauza mafuta yetu kwa watu wa bodaboda," alisema. "Jumamosi tunamfukuza."

Fundi alikuwa mtu wa kutoka Kakamega, mpole, asiyependa mazungumzo marefu. Hakuwa na ukoo pale kwetu wa kumtetea. Habari ilimfikia kabla ya jioni. Kesho yake nilipopita kwenye kibanda cha pampu, aliniangalia akainama tena kwenye mashine yake. Ni mimi niliyepeleka zile hesabu, naye alijua.

Sikutulia. Nilirudi kwenye daftari lake mwenyewe, lile la saa za pampu ambalo hakuna aliyewahi kulisoma. Alikuwa ameandika saa tisa na robo kila siku. Nikagawanya. Lita thelathini na saba kwa saa tisa na robo ni lita nne kwa saa, kama zamani. Basi ama mafuta yalichomwa kweli, ama mtu huyu alikuwa mwongo hodari wa kutunga saa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda na kiti changu nikakaa mlangoni mwa kibanda.

"Jaza tangi la injini hadi juu," nilimwambia. "Tuiendeshe saa tatu, kisha tujaze tena tukipima."

"Unanichunga, Mwalimu?"

"Nakuchunga," nilisema. Sikuona haja ya kumdanganya.

Saa tatu zilipoisha tulijaza kwa kopo la lita moja. Makopo kumi na mawili kamili. Nikauliza kwa nini siku hizi anaendesha zaidi ya saa saba.

"Kwa sababu kwa saa saba tangi halijai tena," alisema. "Nimemwambia mwenyekiti mara mbili. Akasema mimi ni mvivu."

Tukapanda kilimani. Tulingoja tangi lijae, tukazima pampu, fundi akazunguka kufunga koki zote za mashambani. Nilichora alama ya chaki ukutani, usawa wa maji. Kama bomba lingekuwa zima, maji yasingeshuka hata kidogo. Kabla ya saa moja kuisha yalikuwa yameshuka zaidi ya theluthi. Maji yalikuwa yanakwenda, na hatukujua wapi.

Tulifuata mkondo wa bomba kuu kwa miguu, tukitazama udongo. Ardhi ilikuwa kavu hadi pale bomba linapopita chini ya njia ya malori ya mchanga, kando ya mtaro wenye mafunjo. Hapo tulikuta mama wawili wakifua nguo. Maji ya mtaro yalikuwa safi, yakitembea.

"Mama, haya maji yanatoka wapi?" niliuliza.

"Ni chemchemi," mmoja alijibu, akikamua shuka. "Mungu ametupa tangu mwezi jana. Si mnaona?"

Fundi aliingia mtaroni hadi magotini, akapapasa chini ya ukingo. "Kiungo kimepasuka," alisema. "Lori limekalia bomba."

Kulibadilisha kulihitaji bomba jipya la plastiki, viungo viwili, wachimbaji, na bomba la chuma la kulikinga chini ya njia. Duka la vifaa mjini Kisumu lilinitajia bei, na pamoja na wachimbaji ilifika elfu thelathini na nane. Sanduku letu lilikuwa na pesa ya dizeli ya siku nne tu, hadi awamu iliyofuata ya ada.

Jumamosi kanisa tunamokutania lilijaa. Mwenyekiti alianza na wizi, na katibu akaandika kwenye kitabu cha mkutano kwamba fundi ni mwizi. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikaeleza saa, makopo, alama ya chaki, mtaro.

"Basi tutoe pesa ya kutengeneza," mtu alisema kutoka nyuma. "Si kuna bajeti?"

"Hakuna," nilisema. "Kulikuwa na mia kumi na tano kwa kila mmoja wetu. Zingekuwa elfu sitini. Mimi ndiye niliyezifuta, mbele yenu, nikijua ni makosa."

Kelele zilizofuata sitazisahau. Jirani yangu wa shamba, mwanamke niliyekula naye miaka mingi, alisema nilikuwa nimemfukuzisha mtoto wake shule, maana pesa ya bomba ingetoka kwenye karo. Nilimwacha aseme. Mwishowe tulikubaliana kila mtu alete elfu moja kabla ya Jumatatu jioni. Wanane hawakuleta. Nilijazia pengo lao kutoka pensheni yangu, na wawili tu ndio walionirudishia.

Mwenyekiti alimgeukia fundi. "Bwana, yaishe," alisema.

"Hayajaisha, Mzee," fundi alijibu bila kupaza sauti. "Mliandika kwenye kitabu cha mkutano kwamba mimi ni mwizi. Muandike na hili."

Watu walinitazama mimi. Nilikichukua kitabu kwa katibu, nikaandika pale pale, nikamsomea maneno yenyewe. Akaniomba nirekebishe tahajia ya jina la baba yake, nikarekebisha.

Bomba lilizikwa Jumatano. Zile siku tano za kungoja, tulizogawana maji kidogo ili kuokoa dizeli, ziliangusha maua, na mashamba ya chini yalivuna nusu ya nyanya zake. Langu lilikuwa mojawapo. Msimu uliofuata ada ilikuwa elfu kumi na mbili na mia tano, fedha za matengenezo zikiwa kwenye akaunti yake, na saa za pampu zikisomwa kila wiki. Walilalamika vilevile. Safari hii sikuigusa kalamu.

Fundi alifanya kazi nasi hadi mavuno, akachukua mshahara wake, akaenda kwenye skimu nyingine ya umwagiliaji upande wa Ahero. Nilimwomba abaki. Alisema hana kinyongo nami, ila asubuhi akiwasha injini anawaza ni nani anayemhesabia lita.