Poti ya Kumi na Nne

Hospitali nzima ilimwita Mama Swichi, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kuiona swichi, lile sanduku linalounganisha nyaya za mtandao, kwa macho yao. Walichojua ni kwamba kuna mama mmoja chumba cha chini, mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka, na kwamba mtandao ukikatika yeye ndiye wa kulaumiwa. Usipokatika, hakuna anayekumbuka kama yupo. Na kwa kuwa aliijua kazi yake sawasawa, mtandao haukuwa wa kukatika ovyo, basi siku nyingi alishinda bila kusemeshwa na mtu. Ndiyo shukrani yenyewe hiyo.

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote zaidi ya kumfundisha yeye. Miaka kumi na tisa walikaa chumba kimoja, Mwalimu kwenye meza ya dirishani, yeye ya mlangoni. Kila asubuhi Mwalimu alitundika koti, akakaa, na kabla ya salamu akauliza, “Makosa?” Mama Swichi alitazama grafu zake akajibu, “Sifuri.” Hapo Mwalimu alisema, “Basi tunywe chai.” “Mkeo akikusikia unavyonisalimia,” Mama Swichi alimwambia siku moja, “atadhani tunafanya kazi mahakamani.”

Grafu hizo Mwalimu ndiye aliyeziweka. Kila baada ya dakika tano, seva yao iliiuliza swichi kubwa kwa SNMP, lugha ya mashine za mtandao, tundu moja la waya baada ya jingine: poti ya kwanza, mpaka sasa umepitisha baiti ngapi za data? Na makosa mangapi? Kisha ya pili, ya tatu, hadi ya ishirini na nne. Swichi haisemi mambo yanakwenda kasi gani. Inataja jumla tu, jumla inayopanda siku zote, kama mita ya gari inayohesabu kilomita. Seva ndiyo inayotoa jumla ya zamani kwenye jumla mpya, inagawanya kwa sekunde zilizopita, inageuza baiti kuwa biti, halafu inalinganisha na uwezo wa poti. Ndipo inapatikana asilimia ya kuchora.

“Usiogope jumla kubwa,” Mwalimu alikuwa akimwambia. “Makosa elfu kumi ya mwaka juzi ni historia. Ogopa makosa matano yaliyokuwa mawili juzi.”

Mwalimu alifariki miezi minane iliyopita, ghafla, nyumbani kwake, siku ya Jumapili. Meneja aliahidi kuleta mtu mwingine. Mpaka leo hajaletwa, na meza ya dirishani iko vilevile. Kompyuta ya Mwalimu nayo iko vilevile, tena inawaka. Mama Swichi hakuizima. Ilikuwa imechomekwa poti ya kumi na nne, na hata bila mtu wa kuigusa iliendelea kutuma vijipaketi vyake vya data, kuulizia saa, kutafuta masasisho. Kwenye grafu kulikuwa na mstari mwembamba chini kabisa, wenye kinundu kidogo kila saa. Mama Swichi aliutazama kila alipoingia kazini. Alijua ni upuuzi. Mwenyewe angemgombeza mtu mwingine yeyote aliyekalia poti nzima namna hiyo. Lakini watoto wake walikuwa wakubwa, wenye makwao na simu za dakika tatu, na ule mstari ulikuwa kitu pekee kilichobaki kikipumua pamoja naye mle ndani.

Kilichoanza kumsumbua ni poti ya saba, ya maabara. Matumizi yake hayakuwa na shida: asilimia sita, tuseme nane asubuhi majibu ya damu yanapotumwa kwa wingi. Mtu anayetazama matumizi peke yake angesema poti ile imelala usingizi. Lakini kwenye grafu ya makosa, wiki ya kwanza yalionekana mawili kwa kila dakika tano. Wiki ya pili, tisa. Ya tatu, sitini. Paketi zilikuwa zinafika zimeharibika, swichi inazitupa, kompyuta za maabara zinatuma tena, na watu wa kule hawahisi kitu ila uzito kidogo. Wakija kuhisi, majibu yatakuwa hayafiki chumba cha upasuaji, na mgonjwa yuko mezani anasubiri kujua apewe damu ipi.

Akabadilisha waya mfupi wa upande wake. Makosa yakaendelea. Akapanda ghorofa mbili, akabadilisha waya wa upande wa maabara, na alipokuwa huko akauhamishia poti nyingine kwenye swichi yao ndogo. Akashuka, akasubiri dakika tano, tena tano. Mia moja na arobaini. Kesho yake mia nne.

Sasa ilibaki ama waya mrefu wa ukutani, ama poti ya saba yenyewe. Kujua ni rahisi: hamisha maabara kwenye poti nyingine ya swichi kubwa, uone makosa yanabaki au yanaondoka. Ila poti zote zilikuwa zimejaa. Akibadilishana na wodi ya wazazi, ugonjwa wa maabara ndio utakuwa wa wazazi. Swichi mpya aliiomba tangu mwaka uliopita na barua iko kwa Meneja, inazeeka.

Iliyokuwepo ni kumi na nne.

Alikaa akaifungua grafu yake ya mwaka mzima, jambo ambalo alikuwa analikwepa. Alitaka kuona asubuhi za Mwalimu: mlima wa saa mbili akiingia, bonde la mchana, mteremko wa jioni. Hazikuwepo. Seva haitunzi dakika tano tano milele. Siku zikipita inazikunja kuwa wastani wa nusu saa, kisha wa saa mbili, kisha wa siku nzima. Mwalimu alikuwa nukta moja moja, siku baada ya siku, na nukta zenyewe zilikuwa zinasogea kushoto. Baada ya miezi minne zitatoka ukingoni, kompyuta ikiwaka isiwake. Mama Swichi alilia, akalia kweli, maana hakukuwa na wa kumwona.

Kisha akaenda meza ya dirishani, akaizima ile kompyuta kwa utaratibu, kama Mwalimu alivyotaka kompyuta zizimwe. Akachomoa waya wa kumi na nne. Akaipa poti hiyo mipangilio ileile ya saba, akahamisha maabara, akasubiri taa iwake kijani.

Dakika tano. Sifuri. Akasubiri saa nzima ili asijidanganye. Sifuri. Ilikuwa poti yenyewe, na waya wa ukutani hauna hatia. Akabandika utepe mwekundu kwenye ya saba ili isitumiwe tena.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Alikuwa mkuu wa maabara.

“Mama Swichi, jana ulitukatia mtandao. Dakika mbili nzima! Kwani kulikuwa na tatizo?”

“Hapana, bwana. Nilikuwa nahamisha waya. Mnisamehe.”

“Basi siku nyingine tuambiwe mapema.”

“Mtaambiwa.”

Akaweka simu chini, akaifungua grafu ya kumi na nne. Ule mstari mwembamba ulifika mpaka jana mchana, ukakatika kidogo, kisha ukaamka. Saa mbili ulipanda mlima, majibu ya damu yakiondoka, kama ulivyopanda miaka yote Mwalimu alipokuwa anatundika koti. Mama Swichi akageukia dirishani.

“Makosa?” akauliza kwa sauti.

Akairudia grafu, akajijibu, “Sifuri,” akainuka kwenda kuchemsha maji ya kikombe kimoja.