Ukurasa Mmoja kwa Komite

Miaka ile ya uasi, mto ulipofungwa, meli za Kinshasa zikaacha kupanda hadi kwetu Kisangani, kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti. Watu hucheka nikiwaambia. Wenzangu walihangaika kutafuta chumvi na sabuni, mimi nikihangaika kutafuta namna ya kusema kwamba tumechelewa.

Mradi wetu ulikuwa mdogo: kutengeneza vituo vinne vya afya kwenye barabara ya Bengamisa, kila kimoja na chumba chake cha kuzalishia. Juu yetu kulikuwa na komite ya usimamizi. Mwenyekiti alikuwa daktari mkuu wa afya. Pamoja naye walikaa sista mmoja mwuguzi, mfanyabiashara mmoja kutoka jamaa kongwe za Waislamu wa mji, na mjumbe wa wafadhili, aliyekuwa akitua uwanja wa ndege wa Bangboka kwa ndege ndogo kila alipopata ruhusa. Mkubwa wangu alikuwa mhandisi, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Ofisi nzima tulimwita Papa Ingénieur, yaani baba mhandisi.

Ripoti zetu zilikuwa ndefu. Zilianza na hali ya usalama, zikaenda kwenye hali ya barabara, zikashukuru kila mtu wa kushukuriwa, na ulipofika mahali pa kujua kazi imefika wapi, ulikuwa umechoka kusoma. Hapo ulikuta sentensi moja: "Kazi zinaendelea." Sikuona ubaya wake mpaka nilipokwenda Bengamisa mwenyewe.

Nilikwenda kwa toleka, nyuma ya baiskeli, kwa sababu malori yote yalikuwa yamechukuliwa na askari. Kituo cha kwanza nilichofika kilikuwa na kuta nzuri, zimenyooka, lakini hakikuwa na paa wala milango. Mkunga alinipokea akiwa na beseni mkononi, akanipeleka kwenye kanisa dogo la jirani. Mama mmoja alikuwa amelala juu ya mkeka, mtoto mchanga ubavuni, katikati ya mabenchi.

"Bamama banazalia hapa," mkunga aliniambia. "Siku ya dimanche tunabatosha inje sababu ya misa, kiisha misa tunabarudisha." Halafu akaniuliza, "Mutamaliza siku gani?"

"Karibuni, mama."

"Apana, usiniambie karibuni. Kama iko mbali, sema iko mbali. Mimi nitajua namna ya kupanga batu yangu."

Njiani kurudi nililifikiria jambo hilo moja tu. Yule mkunga hakuwa na hasira kwamba tumechelewa. Alichotaka ni tarehe anayoweza kuitegemea.

Kikao cha komite kilikuwa kinakaribia. Papa Ingénieur aliniambia niandae ripoti, akanipa ile ya zamani niifuate. Niliiweka pembeni. Umeme haukuwapo, tulikuwa na mashine ya chapa na utepe mmoja uliokwisha fifia, na utepe mwingine haukupatikana mjini. Nilisema moyoni: ukurasa mmoja, basi.

Juu kabisa niliandika lililo kubwa: kati ya vituo vinne, hakuna hata kimoja kitakachokamilika kwa tarehe tuliyoahidi. Chini yake, kwa kila kituo, mstari mmoja wa tulichoahidi na mstari mmoja wa kilichopo leo. Halafu sababu. Hapo nilizigawa. Kwanza zile zisizo zetu: mabati yalikwama uwanja wa ndege kwa muda mrefu, na sasa yako depo yetu mjini lakini hakuna lori la kuyapeleka. Kisha zile zetu: milango na madirisha tuliyaagiza kwa seremala baada ya kuta kusimama, wakati tungeweza kuyaagiza tangu msingi. Baada ya hapo tarehe mpya, pamoja na sharti lake: mabati yakiondoka mjini kabla ya mvua, vituo viwili vitakamilika, yasipoondoka, hakuna. Mwisho niliandika tunachoomba komite iamue: tutafute njia nyingine ya kusafirisha, na tuache kutawanya mafundi penye vituo vinne, tumalize viwili kwanza.

Papa Ingénieur alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye milango, alikaa.

"Hii ya seremala, mama, toa," alisema. "Sema vita. Nani atabisha? Kila mutu anaona vita."

"Papa, tukisema vita peke yake, komite itafanya nini? Itatupa pole. Vita haiko mikononi mwao. Milango iko mikononi mwetu."

"Na mjumbe akisema sisi ni wazembe?"

"Atasema mara moja. Lakini akija kuona mwenyewe kuta bila milango, hataamini hata yale ya mabati."

Najua ilimwuma, kwa sababu uamuzi wa kuchelewesha milango ulikuwa wake. Aliogopa mbao zisije zikapinda kwa unyevu kabla ya paa. Haukuwa uamuzi wa kijinga. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba sababu hiyo inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Akachukua kalamu, akafuta "tunasikitika sana" niliyokuwa nimeiandika, akaongeza kwa mkono wake: "Tumekwisha yaagiza yote, seremala ameanza." Akatia sahihi.

"Bon," alisema. "Chapa."

Siku ya kikao, daktari alishika ukurasa ule akaugeuza kutafuta mwingine. Nyuma hapakuwa na kitu. Wote wakasoma, na kwa mara ya kwanza niliona wote wanamaliza pamoja. Mjumbe aliuliza kuhusu milango, kwa ukali kidogo. Papa Ingénieur akajibu mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba ulikuwa uamuzi wake na sasa umerekebishwa. Mjumbe akaandika kitu, akaendelea. Lile tuliloliogopa lilipita kwa muda wa kunywa maji.

Kisha mfanyabiashara akaweka kidole kwenye mstari wa mabati.

"Haya mabati iko depo? Hapa mjini?"

"Ndiyo, papa."

"Mbona hamkusema? Mimi nilijua iko Bangboka bado. Batu ya toleka banabeba mafuta ya mawese na mpunga toka Bengamisa kila siku, banarudi huko na baiskeli tupu. Mabati mutu anaweza kukunja kidogo, anafunga. Mimi nitabakusanya."

"Na vizuizi vya askari?" sista aliuliza. "Watanyang'anywa njiani."

Daktari alisema barua ya ruhusa ataitafuta yeye, kwa jina la afya, na kwamba wanajeshi nao wana wake wanaozaa. Tukaamua vituo viwili kwanza. Mjumbe akakubali tarehe mpya, akataka ukurasa kama ule kila mwezi, hata asipoweza kuja.

Baiskeli ziliondoka kwa makundi, mabati yakilia kwenye mashimo ya barabara. Machache yalibaki kwenye kizuizi kimoja, na niliyaandika hayo pia katika ripoti iliyofuata, mstari mmoja. Mvua ilikuta vituo viwili vina paa na milango. Cha tatu kilichelewa tena, kwa sababu mapigano yalirudi mjini na hatukutoka nyumbani. Nacho nilikiandika vile vile, na tarehe nyingine, na sharti lake. Hakuna aliyetushutumu kwamba tunabahatisha tarehe. Papa Ingénieur alianza kuniletea mwenyewe habari mbaya asubuhi, kabla sijaziuliza, akisema, "Mama, weka hii juu, isipotee chini."

Nilirudi Bengamisa mimba yangu ya kwanza ikiwa imeanza kuonekana. Mkunga alinionyesha chumba, kitanda, dirisha linalofungika. Akanipima palepale, chini ya paa jipya, akaniambia mtoto amekaa vizuri.