Safu ya Mwisho ya Jedwali

Nilikuwa ofisini Mji Mkongwe nikifasiri kwa Kiindonesia jedwali la mradi wa kuwasaidia wakulima wa mwani kukabili joto la bahari. Mfadhili alikuwa na wakaguzi wake Indonesia, ambako mwani unalimwa pia, na mimi nilisomea huko.

Viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, havikunipa tabu. Kimoja kilihesabu wanawake watakaohamishia mashamba yao kwenye kina kirefu, kwa sababu maji ya karibu yamepata moto na mwani unaoza. Lengo lilikuwa wakulima wote wa kijiji cha Kiwengwa. Mama yangu ni mmoja wao.

Safu ya mwisho hutaja mambo ambayo mradi hauyasimamii, unayachukulia tu kuwa yapo. Humo palikuwa na sentensi moja: wakulima wanajua kuogelea.

Mama hajui kuogelea. Nikamwendea meneja wa mradi nikamwonyesha sentensi ile.

"Lishaidhinishwa hilo, dada," akasema. "Wewe fasiri kama lilivyo."

"Na kama si kweli?"

"Ndiyo maana likawekwa kwenye safu hiyo."

Nikatoka nje nikampigia mama.

"Nshahamia kule mbele," akasema kwa furaha. "Maji yananifika kifuani."

"Na yakianza kujaa?"

"Nnashikilia kamba ya mwani."

Kwa Kiindonesia sentensi ile ni maneno matatu tu. Niliyaandika bila kosa, na tangu siku hiyo, kila bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, simu ikilia naogopa kuipokea.